Kukisia kukigonga mwamba: konstanti zinapoachiwa zitembee

Katika semina za hisabati za wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili, huwa naandika ubaoni milinganyo mitatu ambayo upande wa kushoto haitofautiani hata nukta:

y'' + y = x²

y'' + y = sin x

y'' + y = sec x

Ule wa kwanza hauwasumbui. Wanakisia kwamba suluhu mahususi ni Ax² + Bx + C, wanaipachika, na dakika mbili baadaye wanasoma jibu: x² − 2. Wa pili unawachelewesha kidogo, kwa sababu ukikisia A sin x + B cos x upande wa kushoto unakuwa sifuri kwa kila A na B. Hapo hakosekani mtu wa nyuma anayesema, "Zidisha kwa x, Mwalimu." Wanazidisha, na jibu linakuja: −(x/2) cos x.

Kwenye wa tatu ndipo darasa hugawanyika. Wengine wanazidisha kwa x palepale, kwa kuwa dawa hiyo imetoka kufanya kazi. Wengine wanaongeza tan x, kisha tan² x, kisha kila kitu wanachokikumbuka kwenye trigonometria. Mimi huwaacha waendelee. Jambo ambalo nimejifunza kwa kuzisahihisha karatasi zao ni kwamba tatizo lao kubwa si kukosa kanuni ya kubadilisha konstanti. Kanuni wanaikariri vizuri tu. Wasichokuwa nacho ni namna ya kujua kukisia kumeshindwa kwa sababu gani, maana kuna kushindwa kwa aina mbili na tiba zake haziingiliani.

Kwenye y'' + y = sin x, kisio lilishindwa kwa sababu sin x tayari ni suluhu ya mlinganyo usio na msukumo, yaani ule wenye sifuri upande wa kulia. Familia ya makisio ilikuwa sahihi, ila ilikuwa imekalia kiti cha mtu. Ukizidisha kwa x unaisogeza na kazi inaendelea. Fizikia inakuunga mkono hapo: ukiisukuma springi kwa mdundo uleule wa asili yake, mtikisiko hukua kadiri muda unavyokwenda, na ile x ndiyo huo ukuaji.

Kwenye sec x hakuna kiti kilichokaliwa. Tatizo ni kwamba familia haina mwisho. Kukisia kunategemea jambo moja: ukitafuta derivativu ya msukumo, kisha derivativu ya derivativu, na kuendelea, uwe unazunguka ndani ya kundi dogo la fanksheni zilezile. Derivativu za x² ni 2x, kisha 2, kisha basi. Za sin x ni cos x na sin x, zinapokezana milele. Za e^(3x) ni yenyewe mara kizigeu. Polinomia, ekisiponensha, sini, kosini, na mazao ya kuzizidisha hizo: orodha inaishia hapo. Nje ya orodha hiyo, kukisia hakuna dhamana.

Sasa tazama sekanti inavyofanya. Ukitafuta derivativu ya pili ya sec x unapata 2 sec³ x − sec x. Kwa hiyo ukikisia y = A sec x, upande wa kushoto unakuwa 2A sec³ x. Ile sec x uliyokuwa unaitafuta imejifuta yenyewe! Ukiongeza B sec³ x ili kuiua ile sec³ x, unaiua kweli, lakini inazaliwa sec⁵ x yenye kizigeu 12B. Ukiongeza ya kuua sec⁵ x, inazaliwa sec⁷ x. Kila ngazi unayopanda inajenga nyingine juu yake, na sec x yenyewe haitokei kabisa, maana kwa kisio la secⁿ x kizigeu cha secⁿ x upande wa kushoto ni 1 − n², nacho ni sifuri pale n inapokuwa 1. Na ukizidisha kwa x? Kisio la x sec x linatoa 2 sec x tan x + 2x sec³ x. Umezidi kupotea.

Nawaomba wanafunzi waifanye hesabu hiyo kwa mkono wao, angalau hadi sec⁵ x. Ni ya dakika chache, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena kama labda kuna kisio zuri zaidi ambalo Mwalimu analificha.

Njia inayofanya kazi, ile ya kubadilisha konstanti, ina asili ya mbali na madarasa ya uhandisi. Ilikomaa mikononi mwa Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin mwaka 1736, na chimbuko lake ni sayari. Sayari moja ikilizunguka Jua peke yake hufuata duaradufu, na duaradufu hiyo ina namba zake zisizobadilika: ukubwa, ubapa, mwelekeo. Lakini sayari ya Jua si moja. Mshtarii anaivuta Zohali, na Zohali inamvuta Mshtarii. Njia basi si duaradufu kamili tena. Wazo lilikuwa kuendelea kusema "duaradufu", ila zile namba zake ziruhusiwe kubadilika polepole kadiri muda unavyopita. Euler alikuwa ameshalichezea wazo hilo kabla ya Lagrange, naye Lagrange alilipa sura yake iliyokamilika katika kazi za kati ya 1808 na 1810.

Kwetu sisi duaradufu ni c₁ cos x + c₂ sin x, yaani suluhu ya y'' + y = 0. Namba c₁ na c₂ tunaziachia zitembee. Tunaziita u₁ na u₂, na zote mbili sasa ni fanksheni za x:

y = u₁ cos x + u₂ sin x

Ukitafuta derivativu yake unapata vipande vinne:

y' = (u₁' cos x + u₂' sin x) − u₁ sin x + u₂ cos x

Kisha kitabu kinasema: tuchukulie kwamba kile kilichomo kwenye mabano ni sifuri. Kila mwaka mkono unanyooshwa hapa, na ninafurahi unaponyooshwa, kwa sababu usiponyooshwa ujue darasa linanakili tu. Swali huwa ni hilohilo: "Mwalimu, kwa nini tunaruhusiwa?"

Jibu la kwanza ni la kuhesabu vinavyotafutwa. Tunatafuta fanksheni mbili, u₁ na u₂, na mlinganyo tulio nao ni mmoja. Kuna jozi zisizohesabika za u₁ na u₂ zinazotoa y ileile. Unaweza hata kuamua u₁ iwe sifuri na kuibebesha u₂ mzigo wote. Kwa hiyo tuna nafasi ya kuweka sharti moja la ziada, lolote lisilopingana na la kwanza. Tunachagua hili kwa sababu linazuia u₁'' na u₂'' zisitokee tutakapotafuta derivativu ya pili. Bila sharti hilo tungekuwa tumebadilishana mlinganyo mmoja wa oda ya pili na mwingine wa oda ya pili wenye visivyojulikana viwili. Hasara tupu.

Jibu hilo ni sahihi, lakini nimeona haliwaridhishi. Linafanya sharti lionekane kama ujanja wa kukwepa kazi. Jibu la pili ndilo huwakaa, nalo ni la wanaastronomia. Sharti likitimia, y' inabaki −u₁ sin x + u₂ cos x, ambayo ni sura ileile ambayo ingekuwapo kama u₁ na u₂ zingekuwa konstanti. Maana yake ni kwamba kila wakati, mahali pa kitu na kasi yake vinalingana na mwendo usio na msukumo wenye konstanti za wakati huo. Msukumo ukikatika ghafla sekunde hii, kitu kitaendelea na u₁ na u₂ zilezile za sekunde hii, zikiwa zimeganda. Kwa sayari, hiyo ndiyo duaradufu ambayo ingefuatwa kama sayari jirani zingetoweka ghafla. Sharti lina kazi: linazipa u₁ na u₂ maana.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Derivativu ya pili ni

y'' = −u₁' sin x + u₂' cos x − u₁ cos x − u₂ sin x

na ukijumlisha y, vile vipande viwili vya mwisho vinafutika. Vinabaki viwili tu, pamoja na sharti letu:

u₁' cos x + u₂' sin x = 0

−u₁' sin x + u₂' cos x = sec x

Hii ni aljebra ya sekondari, milinganyo miwili na visivyojulikana viwili. Suluhu yake ni u₁' = −sin x · sec x = −tan x, na u₂' = cos x · sec x = 1. Ukifanya intigresheni, u₁ = ln|cos x| na u₂ = x. Basi:

y = cos x · ln|cos x| + x sin x

Nani angekisia hiyo? Logi imetoka wapi, wakati hakuna logi popote kwenye mlinganyo? Imetoka kwenye intigresheni ya tanjenti. Hili nalo nawaonyesha ubaoni kwa makusudi: kukisia ni kutafuta jibu ndani ya familia ya derivativu za msukumo, ilhali jibu linaweza kuwa linaishi nje ya familia hiyo kabisa.

Tukishapata jibu, tunalipachika. Derivativu ya kwanza inakuwa −sin x · ln|cos x| + x cos x, kwa sababu −sin x na +sin x zinafutana njiani. Ya pili ni −cos x · ln|cos x| + sin² x / cos x + cos x − x sin x. Jumlisha na y: inabaki sin² x / cos x + cos x, ambayo ni 1/cos x. Imetimia.

Kuna kitu kwenye jibu hili ambacho wengi wanakipita mbio. Sekanti inalipuka pale x inapoikaribia π/2, kwa hiyo tunaongea juu ya eneo la kati ya −π/2 na π/2 tu. Ungetegemea y nayo ilipuke. Hailipuki. Sehemu ya cos x · ln|cos x| inakwenda sifuri, na x sin x inakwenda π/2, kwa hiyo y inafika π/2 salama salimini. Kinachokua bila kikomo ni mteremko, y', na hata huo unapanda taratibu, kwa mwendo wa logi. Msukumo usio na kikomo umeweza kuvunja kasi lakini haukuvunja mahali. Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa anachora grafu yake aliniita akidhani amekosea kuchora. Hakuwa amekosea.

Kwa mlinganyo wa jumla y'' + p y' + q y = f, wenye suluhu mbili y₁ na y₂ za mlinganyo usio na msukumo, hesabu ileile inatoa:

u₁' = −y₂ f / W

u₂' = y₁ f / W

ambapo W = y₁ y₂' − y₂ y₁', ile ditaminanti inayobeba jina la Wroński. Kwa kosini na sini W ni 1, ndiyo maana hatukuiona ikipita. W ikiwa si sifuri, ni ushahidi kwamba y₁ na y₂ si kitu kimoja kilichozidishwa kwa namba.

Hapa ndipo yalipo makosa mengi zaidi ninayokutana nayo, na kwa kawaida hayako kwenye intigresheni. Yako kwenye f. Kanuni hizo zimejengwa juu ya mlinganyo ambao y'' yake imesimama peke yake, bila kizigeu. Chukua huu:

x² y'' − 2x y' + 2y = x³ sin x, kwa x iliyo kubwa kuliko sifuri

Suluhu za mlinganyo usio na msukumo ni x na x², na W = x · 2x − x² · 1 = x². Mwanafunzi mwenye haraka anaangalia upande wa kulia, anaona x³ sin x, anaiita f. Hapana. Gawanya kwanza kila kitu kwa x², na f inakuwa x sin x. Kwa f hiyo, u₁' = −x sin x na u₂' = sin x. Intigresheni inatoa u₁ = x cos x − sin x, na u₂ = −cos x. Ukiziunganisha, vipande vya x² cos x vinafutana na unabaki na jibu fupi la kushangaza: y = −x sin x.

Asiyegawanya anaingia kwenye intigresheni ya x³ sin x, kwa sehemu mara tatu, anatoa jasho, na mwishoni anaandika −x³ sin x − 4x² cos x + 6x sin x. Linapendeza macho. Intigresheni zake zote ni sahihi. Ila ni jibu la mlinganyo mwingine, ule wenye x⁵ sin x upande wa kulia.

Kuligundua hakuhitaji kupachika kila kitu. Nimewazoesha wanafunzi waangalie kipande kikubwa tu, chenye kipeo cha juu kabisa cha x. Derivativu ya pili ya −x³ sin x ina kipande +x³ sin x, nacho kikizidishwa kwa x² kinakuwa x⁵ sin x. Tulikuwa tunataka x³ sin x. Hakuna kipande kingine chenye ukubwa wa kukifuta, kwa hiyo jibu limekufa, na imechukua sekunde kumi. Jibu la −x sin x linapita kipimo hicho: −x sin x, ndani ya derivativu ya pili x sin x, mara x², x³ sin x.

Swali jingine linalorudi ni la konstanti za intigresheni. Mtu anauliza kwa nini tunaziacha. Ukiziacha unapata suluhu mahususi moja. Ukiziweka, c₁ y₁ + c₂ y₂ inajitokeza yenyewe na unakuwa na suluhu ya jumla mara moja. Vyote ni halali. Linalozua ugomvi ni pale majibu mawili tofauti yanapokuwa yote sahihi. Kwenye y'' − 2y' + y = eˣ/x, njia inatoa u₁ = −x na u₂ = ln|x|, hivyo y = −x eˣ + x eˣ ln|x|. Jirani yako ameandika x eˣ ln|x| tu. Msigombane: −x eˣ ni suluhu ya mlinganyo usio na msukumo, kwa hiyo kuwapo kwake au kutokuwapo hakubadili kitu. Ninaposahihisha huwa natoa tofauti ya majibu mawili kwanza, na ikiwa tofauti hiyo inaupa upande wa kushoto sifuri, wote wanapata alama.

Njia hii ina mipaka yake, na ni vizuri ijulikane mapema. Inadai uje na y₁ na y₂ mkononi. Kwa vizigeu visivyobadilika, au kwa milinganyo ya aina ya huo wa x² y'', utazipata. Kwa y'' + x y = f hutazipata kwa fanksheni za kawaida, na kanuni ya Lagrange haina msaada wowote katika kuzitafuta. Mpaka wa pili ni intigresheni yenyewe. Kwenye y'' + y = 1/x, u₁' ni −sin x / x na u₂' ni cos x / x, na hakuna kati ya hizo yenye intigresheni inayoandikika kwa sini, logi na vipeo. Mwanafunzi akifika hapo anadhani ameshindwa. Hajashindwa: anaiacha kama intigrali, na hiyo ni jibu.

Kwa wahandisi, jibu la namna hiyo mara nyingi ndilo la manufaa zaidi. Ukianza na y na y' zote sifuri pale x = 0, na ukaziweka u₁ na u₂ za y'' + y = f ndani ya y kama intigrali kuanzia 0 hadi x, vipande viwili vinaungana kuwa kimoja:

y(x) = ∫₀ˣ sin(x − t) f(t) dt

Isome kama bembea inayosukumwa na watoto wengi kwa zamu. Msukumo wa wakati t unaanzisha mtikisiko wake, sin(x − t), unaoendelea bila kujali misukumo mingine, na unachokiona wakati x ni jumla ya yote iliyoachwa nyuma. Hakuna mahali ambapo f imetakiwa iwe fanksheni yenye fomula. Inaweza kuwa safu ya namba kutoka kwenye kifaa cha kupimia mtetemo, namba moja kwa kila sehemu ya sekunde. Hapo huwezi kukisia chochote, maana hakuna cha kutafutia derivativu. Unazidisha kila kipimo kwa sin(x − t) ya wakati wake na kwa upana wa hatua, unajumlisha, na unapunguza hatua hadi jibu liache kubadilika kwenye desimali unazozihitaji.